Nati ya nailoni, ya flanji, ya mabawa au washa ya springi: namna ya kuzitofautisha kwenye picha ya rundo

Picha ya kopo la nati ikitumwa kwa simu kwenda duka la spea Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, muuzaji hana cha kushika mkononi. Hawezi kuigeuza nati aone chini yake, wala kuijaribisha kwenye bolti. Anabaki na maumbo, vivuli na kukisia ukubwa. Ndiyo maana mtu huagiza nati ya flanji akaletewa nati ya kawaida na washa bapa, au huagiza nati ya nailoni akaletewa ya kawaida kwa sababu pete ya nailoni ilikuwa imejaa grisi na haikuonekana.

Kati ya vitu hivi vinne, nati ya mabawa ndiyo rahisi kuitambua. Vitatu vilivyobaki hubadilika sura kulingana na upande vilivyolalia, na kazi yote iko hapo. Kimoja, washa ya springi, si nati kabisa: ni pete isiyo na nyuzi, inayokaa kati ya nati na chuma kinachofungwa. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya kipande chochote kwenye picha lihusu tundu: ndani yake kuna nyuzi au ni laini? Ukilijibu hilo, umeshatenga washa zote na nati zote kabla hujaangalia kitu kingine.

Jedwali hili linatumia saizi ya M8, yaani ya bolti yenye unene wa milimita 8, kwa sababu ni saizi inayokutwa sana kwenye pikipiki, jenereta ndogo na pampu za maji. Vipimo ni vya viwango vya Kijerumani vinavyofuatwa na viwanda vingi: DIN 985, DIN 6923, DIN 315 na DIN 127.

| | Nati ya nailoni | Nati ya flanji | Nati ya mabawa | Washa ya springi |
|---|---|---|---|---|
| Ikitazamwa kutoka juu | Pembe sita, na pete ya rangi kuzunguka tundu | Pembe sita katikati ya duara pana | Mabawa mawili, tundu katikati | Pete nene iliyokatwa sehemu moja |
| Ikitazamwa ubavuni | Pembe sita, kisha kola ya mviringo juu | Pembe sita, kisha sketi inayotelemka chini | Mabawa yamepanda juu ya kitako cha duara | Ncha mbili haziko usawa mmoja |
| Tundu | Nyuzi, kisha nailoni laini mwishoni | Nyuzi tangu mwanzo hadi mwisho | Nyuzi tangu mwanzo hadi mwisho | Halina nyuzi |
| Vipimo vya M8 | Spana 13, kimo mm 8 | Spana 13, flanji karibu mm 18, kimo mm 8 | Ncha hadi ncha karibu mm 39 | Upana wa nje mm 14.8, unene mm 2 |
| Hudhaniwa kuwa | Nati ya kawaida | Nati iliyokaa juu ya washa bapa | Bolti ya mabawa | Washa bapa, au pete ya kuzuia shafti |

Nati ya nailoni: usitegemee rangi

Wengi huitafuta kwa rangi. Wakiona pete nyeupe au ya buluu wanasema ndiyo hiyo. Kwa nati mpya za dukani, hilo linatosha, lakini kwenye rundo la nati zilizotumika pete huwa nyeusi kwa oili, au nati imelalia upande wa pete na kamera inaona uso wa chini tu. Ikitazamwa kutoka chini, nati ya nailoni karibu haitofautiani na nati ya kawaida.

Alama ya uhakika ni kimo chake. Nati ya kawaida ya M8 ina upana wa milimita 13 na kimo cha 6.5, yaani kimo ni nusu ya upana. Nati ya nailoni ya M8 ina upana uleule, lakini kimo ni 8, kwa sababu pete imeongezwa juu. Uwiano huo haubadiliki sana kwenye saizi nyingine: M6 ya kawaida ina kimo cha 5 kwa upana wa 10, na ya nailoni kimo cha 6. Basi tafuta kwenye picha nati iliyolala ubavu, linganisha kimo na upana. Kikiwa nusu, ni ya kawaida. Kikizidi nusu waziwazi, angalia ncha ya juu: pembe sita zikiisha kabla ya mwisho na kufuatiwa na kola ya mviringo iliyokunjwa kwa ndani, hiyo ni ya nailoni hata kama pete yenyewe huioni.

Ikiwa imelala kifudifudi, tazama ndani ya tundu kwa upande wa chini. Pete ya nailoni haina nyuzi, na tundu lake ni dogo kidogo kuliko unene wa bolti. Mwanga ukipita vizuri, utaona nyuzi zikikoma kabla ya mwisho wa tundu. Kwenye nati ya kawaida nyuzi huonekana hadi zinapotokea upande wa pili.

Kuna ndugu yake anayewachanganya hata mafundi. Ni nati ya kufunga isiyo na nailoni, ambayo sehemu yake ya juu imebinywa kiwandani ili tundu lisiwe duara kamili. Nayo ni ndefu kuliko ya kawaida, nayo ina ncha isiyo ya pembe sita. Lakini ncha hiyo ni chuma kitupu, mara nyingi yenye umbo la koni au yenye alama mbili tatu za kubinywa, na haina mfereji wa kushikia pete. Tofauti hii ina maana kubwa mahali penye joto. Nailoni huanza kupoteza nguvu kwenye joto la karibu nyuzi 120 za Selsiasi, hivyo nati iliyotoka kwenye ekzosi ikiwa na kimo kirefu na ncha ya ajabu, shuku ile ya chuma kitupu kwanza. Ukiweka ya nailoni hapo, pete itayeyuka na utabaki na nati ya kawaida iliyo ndefu bila sababu.

Nati ya flanji: tazama kama kuna mstari wa kivuli

Nati ya flanji ni nati ya pembe sita iliyozaliwa na washa yake. Chuma ni kimoja. Flanji hueneza mgandamizo juu ya eneo kubwa, na aina nyingi zina meno yaliyoinama chini yake yanayouma chuma nati inapojaribu kulegea.

Ikisimama wima inajionyesha yenyewe. Shida ni kwamba nati ya kawaida iliyokaa kwa bahati juu ya washa bapa ina sura ileile kutoka juu: pembe sita ndani ya duara. Kuna mambo matatu ya kutazama, na moja tu mara nyingi linatosha.

La kwanza ni mahali nati inapokutana na duara. Kwenye nati ya flanji, miguu ya pembe sita inazama kwenye mteremko, hakuna ufa. Kwenye nati na washa kuna mstari mweusi mwembamba wa kivuli, kwa sababu ni vitu viwili. La pili ni mteremko wenyewe: uso wa flanji unashuka kuelekea ukingo mwembamba, hivyo mwanga unaupaka rangi mbili, upande mmoja mng'ao na upande mwingine giza. Washa bapa ina uso sawa na rangi moja kote. La tatu ndilo ninalolipenda zaidi kwa sababu halihitaji picha safi. Flanji iko katikati daima. Washa iliyolala chini ya nati kwenye rundo karibu kila mara imesogea upande, na ukiona ukingo ni mpana kushoto kuliko kulia, si flanji.

Vipimo pia husaidia. Washa bapa ya M8 ina upana wa milimita 16, flanji ya M8 karibu 18. Tofauti ya milimita 2 ni ndogo kwa macho matupu, ila kwenye picha yenye kipimo cha kulinganishia inaonekana.

Ikipinduka, nati ya flanji huwa duara lenye tundu katikati, na ikiwa na meno utaona mistari iliyoinama inayotoka katikati kama miale. Hapo watu huiita washa ya nyota. Rudi kwenye swali la tundu: washa ya nyota ni bati jembamba lisilo na nyuzi, na meno yake yamekatwa hadi ukingoni. Flanji ina nyuzi ndani ya tundu, na ukingo wake wa nje ni mviringo mzima.

Aina yenye meno isiwekwe juu ya washa bapa. Meno yatauma washa, na washa itazunguka juu ya chuma, kazi ya meno ikapotea. Pia yanachubua rangi na aluminiamu, kwa hiyo pakifunguliwa mara kwa mara huharibika uso.

Nati ya mabawa

Hapa hakuna mengi. Mabawa mawili, kitako cha duara, tundu linalopenya. Kosa la kawaida ni kuichanganya na bolti ya mabawa, ambayo mkia wake umefukiwa chini ya vipande vingine. Nati ina tundu linaloonekana katikati ya mabawa. Bolti ina chuma kilichoziba hapo.

Kwenye rundo la pikipiki kuna mtego mmoja mwingine. Nati ya kurekebisha breki ya nyuma ya dramu mara nyingi ina masikio madogo ya kushika kwa vidole, lakini upande wake mmoja una mfereji wa nusu duara unaokaa juu ya pini ya mkono wa breki. Mfereji huo ndio unaoizuia isizunguke yenyewe kwa mtikisiko. Ukiona mfereji, usiiite nati ya mabawa na usikubali kuletewa nati ya mabawa badala yake. Haitakaa kwenye pini, na breki itajilegeza njiani.

Nati ya mabawa yenyewe ni ya mahali panapofunguliwa kwa mkono: kifuniko cha chujio cha hewa, fremu ya msumeno wa chuma, kibanio cha taa. Vidole haviwezi kuibana kwa nguvu ya spana, na ukiikaza kwa koleo bawa huvunjika. Isiwekwe kwenye gurudumu, usukani wala breki.

Washa ya springi: ncha mbili zisizo sawa

Washa ya springi ni pete ya chuma cha springi iliyokatwa sehemu moja, na ncha zake zimepishana: moja juu, nyingine chini. Ikiwa mpya, kimo chake bila kubanwa ni karibu mara mbili ya unene wa chuma chake, yaani karibu milimita 4 kwa M8.

Kutoka juu kabisa kupishana huko hakuonekani. Kinachoonekana ni mkato, na mkato umeinama kidogo badala ya kwenda moja kwa moja kutoka katikati. Oili ikijaa kwenye mkato, hata huo hupotea, na pete inakuwa washa bapa machoni pako. Hapo angalia unene: ya springi ni nene zaidi na pete yake ni nyembamba zaidi upana. Kwa M8, ya springi ina upana wa nje wa 14.8 na unene wa 2, bapa ina 16 na 1.6. Tofauti ya unene haionekani kutoka juu, ndiyo sababu picha ya pembeni ni lazima.

Upana wa nje wa 14.8 unakaribia kulingana na umbali wa kona hadi kona wa nati ya M8. Maana yake, washa ya springi hujificha karibu yote chini ya nati. Kwenye rundo lililotoka mashine moja, ukihesabu bolti nane na washa za springi tano, kabla ya kusema tatu zimepotea, tafuta zilizobaki zimegandia chini ya nati kwa grisi.

Kitu kingine chenye umbo la pete iliyokatwa ni pete ya kuzuia shafti isitoke. Hiyo ni bapa, ncha zake ziko usawa mmoja, pengo lake ni pana, na mara nyingi kila ncha ina kitundu cha kuingiza koleo. Vitundu hivyo ukiviona, mjadala umekwisha.

Sasa kuhusu kuchagua, kwa sababu hapa kuna imani iliyozoeleka kwamba washa ya springi huzuia nati kulegea. Washa ya springi ikikazwa sawasawa hulala bapa kabisa, na tangu hapo inafanya kazi ya washa ya kawaida. Mwongozo wa vifungio wa NASA wa mwaka 1990 unasema hivyo waziwazi: ikishalala bapa, haina uwezo wa kuzuia nati kulegea. Kwa mashine yenye mtikisiko, kubadilisha nati ya nailoni kwa nati ya kawaida na washa ya springi ni kushuka daraja, hata kama bei ni nafuu. Ukikuta ncha zake ziko usawa mmoja ikiwa haijabanwa, chuma kimeshachoka, itupe.

Picha moja, vipande vitano

Kabla ya mfano, picha yenyewe. Mwaga rundo kwenye karatasi nyeupe, vitenganishe visigusane, futa grisi kwa kitambaa. Weka spana ya 13 katikati, imelala. Mdomo wa spana ni kipimo cha uhakika kuliko sarafu, kwa sababu namba imechongwa juu yake na muuzaji anaijua. Piga picha mbili: moja kutoka juu wima, nyingine simu ikiwa imeinama hadi karibu nusu ya njia kuelekea mezani. Taa iwe upande mmoja, usitumie flashi ya simu, kwa kuwa inafuta vivuli na vivuli ndivyo unavyovihitaji. WhatsApp hupunguza ubora wa picha, basi chagua HD au itume kama faili.

Tuseme kwenye picha ya juu mdomo wa spana ya 13 una upana wa nukta 52 za skrini. Hivyo kila milimita ni nukta 4.

Kipande cha kwanza kimelala ubavu, cheusi kwa oili, hakuna rangi ya pete. Upana wa pande zake ni nukta 52, sawa na milimita 13. Kimo ni nukta 31, karibu milimita 8. Nati ya kawaida ingekuwa na nukta 26. Ncha moja ina kola ya mviringo. Ni ya nailoni.

Kipande cha pili kina pembe sita za nukta 52 ndani ya duara la nukta 64, na duara limesogea kushoto. Milimita 16, haiko katikati: nati ya kawaida juu ya washa bapa. Cha tatu ni duara la nukta 71 lenye miale na nyuzi kwenye tundu. Milimita 18 hivi, nyuzi zipo: nati ya flanji iliyopinduka.

Cha nne ni pete ya nukta 58, mkato hauonekani vizuri. Milimita 14.5 ni ndogo mno kwa washa bapa ya M8, na kwenye picha ya pembeni ncha moja imepanda. Ni washa ya springi. Cha tano kina masikio mawili, na kwenye picha ya pembeni kina mfereji chini: nati ya breki. Iagizwe kwa jina la pikipiki, si kwa saizi.

Vipimo hivi vina kikomo. Kipande kilicho mbali na spana, au kilicho juu ya kingine, kitaonekana kikubwa au kidogo kuliko kilivyo, kwa hiyo pima vilivyo karibu na spana tu. Namba ya spana pia haikuambii saizi ya bolti kwa uhakika: kwenye mashine nyingi za Kijapani M8 hufunguliwa kwa spana ya 12, na M10 kwa 14. Tundu ndilo linalosema kweli. Nati ya M8 ina tundu la karibu milimita 6.7 kati ya vilele vya nyuzi zake, M6 karibu 5, M10 karibu 8.5. Nati yenye upana wa 12 na tundu la 6.7 ni M8, hata kama jedwali linasema 13.

Nafasi kati ya nyuzi haipimiki kwa picha ya simu. M10 huuzwa yenye nafasi ya 1.5 na ya 1.25, na Wajapani hupenda ya 1.25. Zikichanganywa, nati huingia mzunguko mmoja au miwili kisha inakaza. Ukiilazimisha kwa spana unang'oa nyuzi za bolti. Nati ya kawaida na ya flanji ijaribu kwa vidole: ni lazima iingie hadi mwisho bila nguvu. Ya nailoni iingie kwa vidole hadi bolti iguse pete, kisha ihitaji spana. Ya nailoni iliyotumika ikipita kwenye pete kwa vidole tu, pete imekwisha kazi, na ikifungwa ni lazima bolti itokeze juu ya pete angalau uzi mmoja mzima, la sivyo nailoni haijashika kitu.